Leseni ya siku tatu: namna ya kumjua kishoka kabla hajala hela yako, na la kufanya kama ameshaila

Ukikaribia ofisi ya leseni asubuhi, kabla hujavuka barabara, kuna mtu atakusalimia kama mnafahamiana. "Kaka, leseni au TIN?" Shati lake ni safi, mkononi ana bahasha ya kaki, na anajua dirisha gani lina foleni leo na afisa gani hajafika. Ukimwambia unataka leseni, hakuulizi kama unajua kuendesha. Anakuuliza unaitaka lini.

Huyo ndiye kishoka. Mwongozo huu ni kwa mtu wa Tanzania anayetaka leseni ya udereva kwa mara ya kwanza, au aliyekwisha kumpa kishoka hela na sasa usingizi hauji. Nitautembeza na kisa cha mpwa wangu, kwa sababu yalimpata karibu yote, na mimi mjomba wake nilijua habari ikiwa imeshaharibika.

Mpwa wangu alipata kazi ya kuendesha pikapu inayosambaza maji ya chupa madukani. Mwenye gari alimpa wiki moja alete leseni. Gari alikuwa anaijua kidogo, alijifunzia kwa rafiki, uwanjani, Jumapili. Kishoka akamtajia 320,000 na siku tatu. Siku ya tano kadi ikaja kweli, ina picha yake na jina lake, herufi zote ziko sawa. Akanitumia picha yake kwa WhatsApp, ameishika kama kombe.

Hatua ya kwanza: jua anakuuzia nini hasa

Vishoka wote huongea lugha moja, ila bidhaa zao ni tatu tofauti, na kila moja ina ubaya wake.

Wa kwanza hana bidhaa. Anachukua nusu ya hela kama "ya kuanzia", anakupa hadithi ya mtandao kusumbua, kisha ya bosi kuwa safarini, kisha simu haipokelewi. Huyu, pamoja na ubaya wake wote, ndiye anayekudhuru kidogo kuliko wenzake. Umepoteza hela, basi.

Wa pili anakuletea kadi ya kughushi. Kwa macho inafanana na halisi, na namba iliyoandikwa juu yake inaweza kuwa ya kweli kabisa, ila ni ya mtu mwingine. Utatembea nayo miezi bila shida, kwa kuwa si kila askari anayekusimamisha anaingiza namba kwenye mashine. Siku atakayoingiza ili akuandikie faini, jina litakalotokea si lako. Hapo mazungumzo hayahusu tena taa ya nyuma isiyowaka. Kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kughushi nyaraka kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 7, na anayeitumia nyaraka ya kughushi akijua anaadhibiwa sawa na aliyeighushi. Kusema "mimi nilinunua tu" hakukutoi.

Wa tatu ndiye aliyemshika mpwa wangu, na ndiye wa kumwogopa. Kadi yake ni halisi, imetoka kwenye mtambo wenyewe, ukiitafuta kwenye mfumo ipo. Kilicho hewa ni kilicho nyuma yake: cheti cha chuo cha udereva ambacho hukukanyaga, na mtihani ambao umeandikwa umefaulu wakati hukuufanya. Huku nje wanaiita leseni "original". Mwenye nayo analala vizuri kabisa, mpaka siku mtu anapoomba kuona cheti.

Na siku hiyo huwa inafika. Miaka ya karibuni polisi wa usalama barabarani wamefanya uhakiki ambapo madereva, hasa wa abiria na wa malori, yaani wenye madaraja ya C na E, walitakiwa kupeleka leseni pamoja na vyeti vya mafunzo. Ukitaka kuongeza daraja utaulizwa cheti. Ukiomba kazi kwenye kampuni ya malori ya masafa marefu, mtu wa ofisini atapiga simu chuoni kuuliza kama jina lako limo kwenye daftari la mwaka huo.

Kwa hiyo akikuahidi, msikilize maneno mawili. La kwanza ni "huna haja ya kwenda popote". Leseni yetu ina picha, saini na alama za vidole vinavyochukuliwa ukiwa mbele ya mashine. Mtu anayesema utaipokea ukiwa umekaa nyumbani anakuuzia kadi ya kughushi au hadithi. La pili ni "nina mtu wangu TRA". Kazi hii imegawanywa makusudi: trafiki ndiye anayekupima na kuthibitisha kwamba umefaulu, TRA ndiyo inayopokea malipo na kuchapa kadi. Mtu mmoja wa TRA hana mtihani wa kukupa. Kama kweli kadi itatoka bila wewe kupimwa, maana yake kuna zaidi ya mtu mmoja ndani waliovunja sheria kwa ajili ya faili lako, na siku mmoja wao akikamatwa, mafaili aliyoyagusa ndiyo ya kwanza kufunguliwa.

Kwenye kisa chetu kulikuwa na dalili nyingine ambayo hakuna aliyeiona. Kishoka hakuuliza gari litakuwa la kazi gani. Nitairudia hiyo, maana ndiyo iliyotugharimu.

Hatua ya pili: linda namba yako ya simu kuliko hela

Kishoka akishakubaliana na wewe ataomba vitu vinne: namba ya NIDA, picha ya kitambulisho mbele na nyuma, TIN kama unayo, na hela. Watu hubishana naye kwenye hela. Mimi ningebishana kwenye hivyo vitatu vya mwanzo.

Huduma zote hizi sasa zinaanzia kwenye akaunti ya mtandaoni, na kila akaunti inataka namba ya simu na barua pepe. Mpwa wangu hakuwa na TIN. Kishoka akamwambia "hilo dogo, bosi wangu, nakufungulia sasa hivi," akaifungua palepale kwenye simu yake, chini ya mti. Namba ya simu aliyoijaza ilikuwa ya nani? Ya kishoka. Barua pepe? Ya kishoka. Tangu siku hiyo kila namba ya uthibitisho inayotumwa kwa meseji iliingia kwa kishoka, na mpwa wangu hakuweza hata kufungua akaunti yenye jina lake mwenyewe.

Sidhani kama wote hufanya hivyo kwa hila. Wengine wanaona ni haraka tu, hawataki kukupigia kila dakika wakuulize umetumiwa namba gani. Lakini matokeo ni yaleyale: mgeni ameshika ufunguo wa TIN yako. TIN inaweza kubadilishwa kutoka isiyo ya biashara ikawa ya biashara, na ya biashara ina ritani za kupelekwa kila mwaka na adhabu usipopeleka. Utakuja kujua siku unaomba kitu kingine kabisa, unaambiwa una deni la kodi.

Kama hujawa na TIN, ifungue mwenyewe kupitia tovuti ya TRA au nenda ofisini kwao. Ni bure. Unachohitaji ni namba ya NIDA na simu yako mkononi. Ukisaidiwa na mtu, simama nyuma yake na usome kwa sauti namba ya simu anayoijaza. Usione haya.

Na kuhusu NIDA yenyewe, kwa kuwa vishoka wa leseni mara nyingi ndio haohao wa vitambulisho: kitambulisho cha taifa cha mara ya kwanza ni bure. Anayekutoza "hela ya kusukuma faili" anasukuma mfuko wako tu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Ukipewa namba ambayo mwanzo wake haulingani na tarehe yako, usiitumie popote kabla NIDA wenyewe hawajakuambia ni ya nani. Umeshajiandikisha ila namba hujaijua? Piga *152*00# ufuate menyu hadi kwenye utambuzi. Hakuna sababu ya kumlipa mtu 10,000 akupigie namba ambayo simu yako inaweza kuipiga.

Kama picha za kitambulisho chako ziko tayari kwenye simu ya kishoka, piga *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao huo na kitambulisho chako waifute. Rudia baada ya mwezi mmoja.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya njia yenyewe

Kishoka anaishi kwa imani moja, kwamba njia halali ni ndefu na ghali. Ndefu ni kweli kiasi. Ghali ndipo tunapodanganywa.

Unaanza na leseni ya kujifunzia, ile tunayoiita lena. Ada yake ni 10,000, na inadumu miezi mitatu. Bila lena, hata kujifunza barabarani ni kosa, na hapo ndipo wengi wetu tulipoanzia vibaya, na rafiki, uwanjani, Jumapili. Ukiwa nayo unajiandikisha chuo cha udereva kinachotambulika. Ada za vyuo zinatofautiana sana, hivyo uliza vitatu kabla ya kuchagua, na uliza jambo moja kuliko yote: je, ni saa ngapi nitakuwa nimeshika usukani mimi mwenyewe? Kuna vyuo vinakupakia watano kwenye gari moja, wanne mnatazama. Uliza pia kama chuo kina usajili na kama kwenye daftari lao utaandikwa na namba yako ya NIDA. Daftari hilo ndilo litakalokutetea miaka kumi ijayo.

Ukimaliza unapata cheti cha chuo. Ukapime afya, macho hasa. Kisha unaenda kwa trafiki kupimwa na mkaguzi wa magari. Ada ya mtihani ni 3,000. Utaulizwa alama za barabarani, na utaendesha: kurudi nyuma, kuegesha, kuondoka kwenye mlima bila gari kuteleza. Wanaofeli hufelia hapo kwenye kurudi nyuma na mlima, si kwenye alama. Ukifeli unapangiwa kurudi. Kufeli hakufungi faili. Ni jambo la kawaida kama kufeli Hesabu kidato cha pili.

Ukifaulu, trafiki anathibitisha, unaomba leseni TRA, unalipa 70,000 ya miaka 5, unapigwa picha, unaweka vidole, unasubiri kadi.

Jumlisha malipo yote ya serikali: 10,000 na 3,000 na 70,000 ni 83,000. Mpwa wangu alimpa kishoka 320,000. Ondoa 70,000 ya kadi ambayo lazima ililipwa mahali fulani, na 13,000 ya lena na mtihani hata kama vilifanywa kwa maandishi tu, inabaki 237,000. Hiyo ndiyo hela aliyoilipa ili asifundishwe. Kwenye chuo cha mtaani kwetu ingemsomesha na chenji ikabaki.

Sasa ile ya daraja. Wakati wa kuomba lazima uchague daraja, na hapa ndipo kishoka anapokuumiza bila hata kukusudia. Daraja B ni la magari ya kawaida yasiyo ya biashara. Pikapu ya kusambaza maji madukani ni gari la biashara, inataka D. Malori makubwa ni E. Madaraja ya C ni ya kubeba abiria, na hayaombwi na mtu anayeanza leo. Yanataka uwe na uzoefu na mafunzo yake maalumu. Chuo kizuri hukuuliza swali hili siku ya kwanza: unataka kuendesha nini? Kishoka alimpatia mpwa wangu B, kwa sababu ndiyo nyepesi kupita.

Hatua ya nne: fuata hela inakoingia

Hii ndiyo hatua ninayomwambia kila mtu hata kama hatakumbuka nyingine. Malipo ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba, ile tunayoiita kontroo namba. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Inatengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja na malipo mamoja. Namba ya simu ya mtu si malipo ya serikali. Lipa namba ya dukani si malipo ya serikali, hata ikiwa imebandikwa ukutani hatua kumi kutoka getini na ina jina linalosikika kiofisi.

Kishoka mzoefu anajua kwamba unajua hilo. Kwa hiyo anakupa kontroo namba ya kweli, ila si yako. Unaweza kulipa faini ya barabarani ya mteja wake mwingine, 30,000, ukidhani umelipia mtihani. Au anakupa ya lena ya 10,000, anakuonyesha meseji ya risiti ya serikali, nawe unaamini kwamba zile 310,000 nyingine nazo zimekwenda hukohuko.

Ndiyo maana nakushauri malipo ya kwanza uyafanye kwa wakala wa benki. Kabla hajapokea hela mwambie akusomee kilichotokea kwenye mashine: jina la mlipaji, malipo ya nini, kiasi gani. Yakilingana, lipa, na risiti uitunze pamoja na cheti cha chuo. Karatasi ya mashine hufifia, ipige picha siku hiyohiyo. Yasipolingana, mshukuru wakala uondoke.

Jambo moja la haki niliseme. Kuna watu wa steshenari jirani na ofisi hizi wanaokujazia fomu, wanakuskania vyeti, wanakutengenezea kontroo namba, wanachukua elfu tano au kumi. Hao si vishoka. Bibi yangu asingeweza kujaza fomu ya mtandaoni na si aibu kumlipa kijana amjazie. Tofauti yao ni kwamba wa steshenari anakulipisha kuandika, na ukitoka kwake bado una safari ya chuoni na kwa trafiki mbele yako. Kishoka anakulipisha kuifuta safari hiyo.

Hatua ya tano: kama maji yameshamwagika

Turudi kwa mpwa wangu. Wiki ya sita kazini alikuwa anarudi nyuma kutoka kwenye kichochoro cha duka, akakwangua bajaji iliyokuwa imeegeshwa. Hakuna aliyeumia. Taa ya bajaji ilivunjika, bodi ikabonyea, na kioo cha nyuma cha pikapu kikapasuka. Mwenye gari hakuwa na wasiwasi, gari lilikuwa na bima kubwa.

Bima waliomba vitu vya kawaida: fomu ya madai, taarifa ya polisi, kadi ya gari, kopi ya leseni ya aliyekuwa anaendesha. Yule dada wa madai aliiangalia kopi kwa sekunde kumi. Hakuuliza habari ya chuo wala kishoka. Aliuliza: "Hii pikapu ni ya biashara, si ndiyo? Mbona dereva ana B?" Mikataba ya bima huwa na sharti kwamba anayeendesha awe na leseni halali ya gari lile. Dai la pikapu likakataliwa. Mwenye gari akalipa kioo mwenyewe na bajaji ya watu, akamkata mpwa wangu kwenye mshahara, mwisho akamwachisha.

Angalia kwamba kilichomwangusha hakikuwa cheti cha uongo. Kilikuwa kosa dogo ambalo mtu aliyepita chuoni asingelifanya. Lakini baada ya hapo ndipo swali la cheti lilipokuja, maana alipotaka kuongeza D aliombwa cheti cha mafunzo. Kishoka alikuwa ameambatanisha cheti cha chuo kilichoko mkoa ambao mpwa wangu hajawahi kufika.

Kama uko hapo alipokuwa, fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Acha kuendesha. Najua ni kazi yako. Lakini ajali ya mali unaweza kuilipa kidogokidogo, ya mtu huwezi, na ukiwa na leseni ya namna hii hutakuwa na bima wala utetezi.

Usifute chochote. Meseji, rekodi za muamala, picha ya kishoka kwenye WhatsApp, namba zake zote. Watu hufuta kwa hofu, kisha wanabaki na kadi mkononi bila chochote cha kuonyesha kwamba kuna mtu mwingine aliyehusika.

Usimrudie kishoka akurekebishie. Atakubali, na atakutoza. Mpwa wangu aliambiwa 150,000 tu, "tunapandisha kutoka B kwenda D, kesho kutwa." Huo ungekuwa uongo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Kabla ya kwenda polisi au TAKUKURU, onana na wakili au mtu wa kituo cha msaada wa kisheria. Nasema hivi kwa sababu miongozo mingi inakuambia "ripoti tu" kana kwamba ni kupeleka mwavuli uliookotwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15, inamshika anayetoa hongo sawa na anayepokea. Kama ulijua kwamba sehemu ya ile hela ni ya kumpa mtu ndani ya ofisi, nawe umo. Kujitokeza mapema, na maelezo yaliyoandikwa vizuri, ni bora mara nyingi kuliko kungoja uhakiki ukukute, lakini usiandike maelezo yako ya kwanza peke yako, kaunta, ukiwa unatetemeka. Simu ya bure ya TAKUKURU ni 113. Kama wewe hukutapeliwa bali umetumiwa tu meseji ya "leseni na NIDA kwa haraka", ipeleke 15040, namba ya kuripoti meseji za kitapeli. Hiyo haina masharti yoyote.

Halafu komboa akaunti zako. Nenda ofisi ya TRA wewe mwenyewe na kitambulisho cha taifa, waombe wabadilishe namba ya simu na barua pepe zilizo kwenye TIN, na waulize TIN imesajiliwa kama ya biashara au isiyo ya biashara. Uliza vyote viwili. Ukiuliza kimoja utajibiwa kimoja.

Mwisho anza upya, na lena. Mpwa wangu aliirudisha ile kadi kwa barua, akapata kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, akaandika maelezo yake mbele ya yule wakili wa msaada. Alijiandikisha chuo kilekile cha mtaani, akiwa na aibu, maana mwalimu wake ni mdogo wake kwa miaka miwili. Wiki ya kwanza mwalimu alimwambia avunje tabia tatu alizozipata uwanjani, na ya kwanza ilikuwa kurudi nyuma akitazama kioo kimoja tu cha upande wa dereva. Ndivyo alivyoipata ile bajaji.

Kwenye mtihani aligonga nguzo ya kushoto, akaambiwa arudi. Akarudi baada ya wiki mbili, akapita, akaomba daraja alilolitaka tangu mwanzo. Siku ya kupigwa picha nilimsindikiza. Alipofika dirishani aliombwa namba ya simu ya kuwekwa kwenye maombi, akaitaja polepole, tarakimu moja moja, kisha akamwomba yule dada amsomee alichoandika.